Nyundo Isiyosikika

Tangazo lenyewe lilikuwa la nusu dakika, na lilianza kwa nyundo.

(Nyundo yagonga jiwe: ndu, ndu.)
MAMA: Fundi, mbona jiwe langu linalia hivi?
FUNDI: Hilo lina ufa ndani, mama. Hebu sikia hili. (Nyundo tena: ngiii.)
MAMA: Alaa! Na hilo umelitoa wapi?
FUNDI: Mugutha!
MTANGAZAJI: Umesikia? Mawe ya Ndarugo, yamekatwa barabara, kando ya barabara! Wiki hii ukinunua futi mia tano, tunakuletea bure. Tunafungua saa mbili, tunafunga saa kumi na mbili. Piga simu sasa. (Namba yasomwa. Yarudiwa. Yarudiwa tena.) Vigezo na masharti kuzingatiwa. (Wimbo.)

Aliyenikabidhi mswada huo ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mugutha, kwenye kipande cha barabara kuu ya Thika kilicho kati ya Ruiru na Juja. Tangazo lilikuwa limepigwa redioni kwa wiki mbili na wateja walikuja. Sasa alitaka liende Facebook na Instagram, chini ya picha ya mawe yaliyopangwa uwanjani pake. “Andika tu yaliyosemwa,” aliniambia. “Si maneno yapo tayari?”

Nami nikayaandika. Nilinyoosha hapa na pale, nikaondoa majina ya wasemaji, nikaacha “ndu” na “ngiii” mahali pake, nikaweka namba ya simu mara tatu kama ilivyosomwa. Baada ya siku tatu aliniita dukani. Simu zilikuwa zimeingia, lakini za ajabu. Mmoja alitaka kujua kama wao ndio wanaojenga barabara mpya. Mwingine alifika saa nane mchana akilalamika kwamba amewahi na bado amekuta watu wengi, kwa kuwa alidhani duka hufunguliwa saa hiyo. Wa tatu aliuliza swali lililoniumiza kuliko yote: “Nimesikia nini? Mmeniuliza nimesikia, mimi sijasikia kitu.”

Huyo wa tatu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Tangu hapo, kila ninapopewa tangazo la redio nilitie katika maandishi, au kapsheni kama vijana wanavyoiita, sianzi na maneno. Naanza na sauti. Nalisikiliza tangazo mara ya kwanza macho yakiwa yamefumbwa, halafu nachukua mswada na kupiga mstari chini ya kila jambo ambalo halikusemwa bali lilisikika: mlio, kicheko, swali lililoulizwa kwa kupandisha sauti, pumziko, wimbo. Kila moja nalitafutia jibu la swali moja: hii sauti ilikuwa inafanya kazi gani? Sauti katika tangazo ni kibarua. Ukimwachisha kazi, lazima umjue atakayebeba mzigo wake, la sivyo mzigo utabaki chini na msomaji atajikwaa.

Nyundo, kwa mfano. Ukiisikia haraka utadhani ni pambo la mwanzo, la kumshtua msikilizaji aache kuosha vyombo. Kumbe nyundo ndiyo ushahidi wa tangazo zima. Watu wa pande hizi wanayajua mawe ya Ndarugo: ni mawe ya kijivu yanayochimbwa maeneo ya Juja na kukatwa kwa mashine, pande zake zimenyooka kiasi kwamba wengi huyajengea ukuta na kuuacha wazi bila kuupiga plasta. Huuzwa kwa futi, na saizi zinazotajwa sana ni inchi 9 kwa 9 na inchi 6 kwa 9. Lakini macho hayatoshi kulijua jiwe. Fundi mzuri huligonga. Jiwe zima hulia kwa mlio mkali unaodumu kidogo. Jiwe lenye ufa ndani, au lililo laini kupita kiasi, hutoa kishindo kizito kinachokufa palepale. Ndiyo maana yule mtunzi wa tangazo la redio, ambaye simjui ila namheshimu, hakumwambia mtu kwamba mawe ni imara. Alimpa masikio ya fundi kwa sekunde mbili, akamwacha aamue mwenyewe.

Sasa, katika maandishi, “ndu” na “ngiii” hazifanyi kazi hiyo, na sababu yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Tuna hazina kubwa ya tanakali za sauti. Tukisema mtu ameanguka pu, au kitu kimetumbukia majini chubwi, msomaji husikia. Lakini husikia kwa kuwa “pu” imeishi na “anguka” miaka mingi, na “chubwi” imeoana na “tumbukia”. Msomaji hasomi herufi, anakumbuka. “Ngiii” ya jiwe haina ndoa ya namna hiyo. Mtu aliyezoea ujenzi ataikisia. Aliyenunua ploti mwaka jana na hajawahi kusimama karibu na fundi, yaani mteja hasa tunayemtafuta, ataona herufi tano tu na kudhani ni mbu.

Nilijaribu kuueleza mlio. Niliandika “mlio mkali wa jiwe imara”, nikaona nimefanya kile ambacho redio ilikwepa: nimesifu. Nilijaribu kuweka maelezo ndani ya mabano, kama waandishi wa tamthilia, nikaona nimemkalisha msomaji nje ya ukumbi na kumsimulia mchezo. Nilikaa na tatizo hilo siku mbili. Jioni ya pili nikaenda uwanjani pake mama kumtazama fundi wake akipokea mzigo kutoka kwenye lori. Aliinama, akagonga jiwe kwa kichwa cha nyundo, akalisukuma upande huu. Akagonga jingine, akalisukuma upande ule. Nikamuuliza kama na mimi naweza. Akanipa nyundo. “Gonga hapa katikati,” akasema. “Na usigonge lililolowa mvua, hilo litakudanganya hata likiwa zima.”

Nilipogonga na kusikia tofauti kwa mkono wangu, nilijua mahali pa kuuhamishia ule mlio. Haukuwa na haja ya kuingia kwenye maandishi hata kidogo. Ulipaswa kubaki kwenye jiwe, na maandishi yampeleke msomaji kwenye jiwe. Nikaandika hivi:

“Gonga jiwe kabla hujalipa. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa kishindo kizito, lina ufa ndani.”

Maneno kumi na tano. Hakuna hata sauti moja iliyoigizwa. Hata hivyo kengele kila mtu ameisikia, shuleni au kanisani, na kishindo kizito kila mtu amewahi kukisikia kifuani. Sikio la msomaji linafanya kazi kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Kilichokuwa mchezo wa watu wawili redioni kimekuwa ujuzi mkononi mwa mtu mmoja, na ujuzi huo anaweza kuutumia hata kwenye uwanja wa mfanyabiashara mwingine. Mama alipouona mstari huo alisita kwa sababu hiyohiyo. “Si watakwenda kugonga ya wengine?” Nikamwambia, na wagonge, kama ya kwako yanalia. Akacheka, akanyamaza, akasema yanalia.

Baada ya nyundo nilirudi kwa yule aliyeuliza habari za barabara mpya. Redioni maneno yale yalikuwa matamu: yamekatwa barabara, kando ya barabara. Mtangazaji alilitamka la kwanza kwa kukaza silabi ya pili, baRAbara, maana yake sawasawa, ipasavyo. La pili alilikaza silabi ya tatu, baraBAra, njia ipitayo magari. Ni mchezo mzuri kabisa wa maneno, na Kiswahili kina machache yanayotofautishwa kwa mkazo peke yake. Lakini maandishi yetu hayana alama ya mkazo. Karatasini maneno hayo ni mapacha wasio na jina, na msomaji aonapo “barabara” mara mbili, zote mbili huzipeleka Thika. Ndipo mtu akaona mawe yaliyokatwa kutoka barabarani.

Iliniuma kuutupa mchezo huo, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiimbwa na watoto wa mtaa. Lakini niliuliza swali langu: ulikuwa unafanya kazi gani? Ulikuwa unasema mambo mawili, kwamba mawe yamenyooka na kwamba mahali ni rahisi kufika. Basi nikayasema yote mawili waziwazi: yamekatwa kwa mashine, pande zote zimenyooka, yako Mugutha, kando ya barabara ya Thika. Utamu umepungua, nakubali. Kuna vitu ambavyo sauti ikiondoka huondoka navyo, na mwandishi anayeving'ang'ania humchosha msomaji. Wimbo wa mwisho nao niliuacha kwa sababu hiyo. Maneno yake yalishikamana kwa sababu ya tuni. Yalipokaa peke yake karatasini yalikuwa kama nguo iliyotundikwa bila mtu ndani.

Swali nalo ni sauti. Kiswahili kinaweza kuuliza bila kubadilisha hata neno moja: “Umesikia” ni taarifa au swali kutegemea sauti ilivyopanda mwishoni. Mtangazaji hahangaiki, koo lake linatosha. Mwandishi ana vitu viwili tu, “je” na alama ya kuuliza, navyo ni vya thamani kuliko vinavyoonekana. Fikiria kile kipindi ambacho marehemu Leonard Mambo Mbotela alikianzisha mwaka 1966, Je, Huu ni Ungwana? Toa “je” na ile alama, kinabaki “huu ni ungwana”, na lawama imegeuka kuwa sifa. Redioni sauti yake ingeokoa maana hata bila “je”. Kwenye simu ya mtu hakuna wa kuiokoa.

Ila kwa “Umesikia?” ya tangazo letu hata alama haikusaidia, kwa kuwa kosa lake ni la namna nyingine. Neno hilo linaelekeza kidole kwenye mlio uliopita hivi punde. Maneno ya kuelekeza kidole yamejaa katika redio, na ndiyo yanayovunjika kwanza kwenye maandishi: hili, hilo, hapa, sasa, leo, wiki hii. “Sikia hili” haina cha kuonyesha. “Piga simu sasa” ni usiku wa manane kwa anayeisoma usiku wa manane. Na “wiki hii” redioni hufa pamoja na wiki yenyewe, kwa sababu tangazo likishapigwa limekwenda na hewa. Maandishi hayaendi popote. Mtu atayakuta baada ya mwezi mmoja, aje na kenta yake akidai kuletewa mawe bure, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kila “wiki hii” naigeuza kuwa tarehe: kabla ya Jumamosi, tarehe 14 Juni. Kila “hapa” naigeuza kuwa jina la mahali.

Saa ilihitaji uangalifu wa peke yake. “Saa mbili” ikisemwa na mtangazaji wa asubuhi haina utata, Mswahili yeyote anajua ni asubuhi baada ya jua kuchomoza. Lakini msomaji ana saa nyingine machoni, ile ya juu ya kioo cha simu inayoandika 8:00. Akiona “2” peke yake, anayachanganya mahesabu ya Kiswahili na ya Kizungu, na ndivyo yule bwana alivyofika saa nane mchana. Siku hizi naandika zote mbili pamoja: saa 2 asubuhi (8:00), saa 12 jioni (6:00). Haipendezi sana, lakini haijamleta mtu saa isiyo yake tena.

Likabaki suala la mpangilio. Redio humweka mtu kwenye subira: mlio, swali, mshangao, na jina la mahali mwishoni. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu msikilizaji ana mikono yenye kazi na masikio yasiyo na kazi. Hatafuti kitufe cha kuzima kila baada ya sekunde tano. Na kwa kuwa hawezi kuirudisha nyuma, redio humrudishia namba ya simu mara tatu, apate kutafuta kalamu. Msomaji ni kinyume chake kabisa. Anaweza kurudi nyuma atakavyo, kwa hiyo namba mara moja inatosha, ili mradi iwe kwenye mstari wake na aweze kuigusa ikapiga. Lakini anaondoka upesi. Instagram inaruhusu kapsheni ya herufi 2,200, ila kinachoonekana kabla ya kugusa “zaidi” ni kama herufi 125 tu. Kilicho chini ya hapo ni chumba cha ndani. Hakuna anayeingia ambaye hakukaribishwa barazani.

Ndiyo maana mistari ile mitatu ya kugonga jiwe niliiweka juu kabisa. Nikizihesabu herufi zake pamoja na nafasi na vituo ni 98, zote zinaonekana bila kugusa chochote. Nilipenda pia kwamba haitaji duka wala bei. Mtu aliye ndani ya matatu ya Thika Road saa moja usiku, muziki umetikisa vioo na simu yake iko kimya mkononi, anasoma kitu kinachomfaa yeye kwanza. Akitaka kujua zaidi ndipo anagusa, na humo ndani anakuta mahali, saizi, tarehe, saa na simu, kwa utaratibu huo.

Jambo la mwisho nililolibadilisha ndilo lililozua mjadala mrefu kati yangu na mama. “Vigezo na masharti kuzingatiwa” redioni husomwa mbiombio, kwa pumzi moja, na sote tumezoea kutoyasikia. Nilipoyaandika niliona kwamba kwenye kapsheni hakuna mbiombio. Herufi zote zina ukubwa mmoja, na sentensi isiyosema kitu inaonekana wazi kwamba haisemi kitu. Nikamuuliza masharti yenyewe ni yapi. Akanitajia moja tu: lori lake haliendi mbali zaidi ya Ruiru na Juja bila malipo. “Basi tuliseme hilo,” nikamwambia. Aliogopa kwamba litafukuza watu wa Thika mjini. Mwishowe alikubali, akasema afadhali mtu asije kuliko aje akasirike.

Hivi ndivyo sehemu ya ndani ilivyokaa:

“Mawe ya Ndarugo, inchi 9 kwa 9 na inchi 6 kwa 9, yamekatwa kwa mashine, pande zote zimenyooka. Yako uwanjani kwetu Mugutha, kando ya barabara ya Thika. Njoo na fundi wako muyagonge.

Ukinunua futi 500 au zaidi kabla ya Jumamosi, tarehe 14 Juni, tunakuletea bure hadi Ruiru au Juja. Mbali zaidi ya hapo, tutaelewana nauli.

Tunafungua saa 2 asubuhi (8:00), tunafunga saa 12 jioni (6:00), Jumatatu hadi Jumamosi.”

Chini yake namba ya simu, mara moja.

Kabla ya kuituma nilifanya majaribio mawili ambayo siachi kuyafanya. La kwanza, nilimpa kijana wa duka la jirani aisome bila picha, halafu nikamuuliza anauziwa nini, wapi, hadi lini. Alijibu yote matatu bila kurudi kwenye simu. La pili, niliiacha simu yenyewe inisomee kwa sauti. Thika kuna shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1946, na wengi wa waliopita pale, kama wengine wasioona popote, husoma simu zao kwa masikio. Herufi zilizovutwa kama “buuureee” na mlolongo wa emoji tano za moto huwa ni adha tupu zinaposomwa na mashine moja baada ya nyingine. Kapsheni yetu ilisomeka. Sauti ile ya mashine haikuwa na joto la fundi wala mshangao wa yule mama wa tangazo, lakini hakuna neno lililohitaji joto hilo ili lieleweke.

Sitadai kwamba maandishi yameipita redio. Yule fundi wa tangazo alikuwa na lafudhi ya huku kwetu, na alipotamka “Mugutha!” kila mtu alijua ni mtu wa hapa, si mwigizaji wa mbali. Nilitafuta namna ya kuiandika lafudhi hiyo nikashindwa, kwa kuwa kila nilivyoiandika ilionekana kama namcheka mtu. Niliiacha. Ile imebaki redioni, na ndipo nyumbani kwake.

Wiki iliyofuata nilipita dukani kuchukua malipo yangu. Mbele ya rundo la mawe alisimama mama mmoja wa makamo, mkoba begani, simu mkono mmoja na mkono mwingine nyundo aliyoiazima kwa fundi. Aligonga jiwe la kwanza, akainamisha kichwa. Akagonga la pili. Akagonga la tatu, akalirudia, kisha akamgeukia fundi na kumwambia, “Hili hapana.” Fundi naye akaligonga, akasikiliza, akaliinua na kuliweka kando.

“Umesikia sawa, mama,” akamwambia.